Shajara ya mradi: wiki nne za kumwandaa mfanyakazi mpya kwenye laini ya chupa

Maandalizi

Wafanyakazi 12 wapya wanaingia kwenye laini ya kujaza sabuni ya maji ya lita 1. Tumepewa wiki nne, na baada ya hapo kila mmoja anatakiwa aweze kusimamia kituo kimoja bila mtu wa kumsimamia begani. Laini ina mashine ya kujaza, mashine ya kufunga vifuniko, mashine ya lebo, kichapishi cha tarehe, meza ya ukaguzi na sehemu ya kupakia katoni. Utaratibu wa zamani ulikuwa siku moja ya maelezo, saini kwenye fomu, kisha mgeni anakabidhiwa kwa yeyote aliye karibu. Saini ile inathibitisha kwamba mtu alikuwepo chumbani. Haituambii kama anaweza kutoa chupa iliyokwama bila kupoteza kidole.

Kwa hiyo nimepanga kuanzia mwisho. Kabla ya kuandika mada hata moja nilikaa na wasimamizi wa zamu na fundi mkuu, nikawauliza: siku ya mwisho, mnataka kumwona mtu huyu akifanya nini mbele yenu ndipo mkubali kumwachia kituo? Majibu ya kwanza yalikuwa mapana: "ajue usalama", "awe makini na ubora". Huwezi kusimama pembeni ya mtu ukaona "umakini". Tulipolibana swali zaidi yakatoka mambo ya kuonekana kwa macho: afunge mashine kwa kufuli kabla ya kufungua kinga, aitambue chupa inayovuja kati ya chupa nzima, apime uzito na kujua la kufanya ukipungua, amkabidhi mwenzake wa zamu inayofuata taarifa isiyo na pengo. Hayo ndiyo yaliyozaa mpango. Wiki ya 1 ni usalama, njia ya bidhaa na kazi za mikono zisizo na mashine. Wiki ya 2 kila mtu anajifunza kituo chake. Wiki ya 3 ni ubora. Wiki ya 4 anafanya kazi mwenyewe, mlezi anayemfundisha akiwa hatua chache nyuma, na inaishia kwenye ukaguzi wa uwezo.

Njia ya kufundishia nimeichukua kwenye mpango wa mafunzo ya viwandani ulioendeshwa Marekani kati ya 1940 na 1945, unaojulikana kwa kifupi kama TWI. Viwanda vya wakati wa vita vilipokea watu wengi ambao hawajawahi kugusa mashine, na walipaswa kufundishwa haraka na mafundi ambao wao wenyewe hawakuwa walimu. Hatua zake ni nne: muandae mwanafunzi, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, kisha mfuatilie. Ninachokipenda hasa ni kile kinachotangulia hatua hizo. Mkufunzi analazimika kuichambua kazi kwenye karatasi: hatua kuu na jambo la kuzingatia, na kwenye karatasi zetu kuna safu ya tatu ya sababu yake. Jambo la kuzingatia ni lile tu linaloweza kuharibu kazi, kumuumiza mtu, au linalorahisisha hatua ambayo vinginevyo inasumbua. Mengine yote hayaandikwi.

Karatasi ya kutoa chupa iliyokwama kwenye mashine ya vifuniko ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Nilimwomba opereta mzoefu aniambie anavyofanya. "Unaitoa tu," akasema. Nikamwomba aifanye polepole huku mwenzake akitaja kwa sauti kila anachokiona mkono wake ukifanya. Hapo ndipo tukagundua kwamba kabla ya kuivuta huizungusha chupa robo mzunguko kuelekea kwake, kwa sababu bega la chupa hunasa kwenye jino la lile gurudumu linalozungusha chupa. Ameifanya miaka mingi kiasi kwamba hajui tena kuwa anaifanya. Mgeni asiyeambiwa hilo angevuta kwa nguvu, chupa ikapasuka, sabuni ikamrukia usoni. Hii ndiyo sababu sitaki tena mgeni aachwe "amwangalie mzoefu": mzoefu hawezi kusema asichojua kwamba anakijua.

Karatasi yenyewe imekuwa hivi:

| Hatua kuu | Jambo la kuzingatia | Kwa nini |
|---|---|---|
| Simamisha mashine | Subiri gurudumu litulie kabisa | Huendelea kuzunguka kidogo baada ya kitufe |
| Zima swichi kuu, tia kufuli | Kufuli lako, ufunguo mfukoni mwako | Mwenye ufunguo ndiye pekee anayeweza kuwasha |
| Funga valvu ya hewa, tia kufuli | Geji isome sifuri | Kichwa cha kufunga vifuniko hushushwa na hewa, si umeme |
| Jaribu kuwasha | Mashine ikae kimya | Huenda umezima swichi ya mashine ya jirani |
| Fungua kinga, toa chupa | Izungushe robo kuelekea kwako ndipo uivute | Bega hunasa kwenye jino |
| Funga kinga, toa kufuli | Ndani kusibaki kitambaa, kipande cha chupa wala mkono wa mtu | Kitakachobaki kitasagwa mashine ikiwaka |

Wiki ya 1, Jumatatu

Ziara ya kiwanda tumeianzia ghala la bidhaa zilizo tayari, tukarudi nyuma hadi kwenye matangi ya sabuni. Kwa kawaida watu hutembezwa kwa mwelekeo wa uzalishaji. Nimependelea kinyume chake kwa sababu mtu akianza na katoni iliyolowa kwa ajili ya chupa moja inayovuja, kila mashine anayoifikia baadaye anaitazama akiwa na swali: je, uvujaji ule ungeweza kuanzia hapa? Walipofika kwenye mashine ya vifuniko, wawili wao waliuliza swali hilo wenyewe.

Njia za kutokea, kengele, mahali pa kukusanyika na mavazi ya kujikinga tumevipitia kwa kutembea, si kwa picha ukutani. Pale pa kuoshea macho tulikaa zaidi. Mtu aliyeingiwa na sabuni kali machoni haoni, kwa hiyo kujua ramani hakumsaidii. Kila mmoja amefumba macho kwenye kituo chake, mwenzake akamshika kiwiko, wakaenda hadi kwenye beseni na kufungua maji. Tunataka wafike ndani ya sekunde 10. Kutoka meza ya ukaguzi hilo halikuwezekana, kwani palati tupu zilikuwa zimepangwa njiani. Zimeondolewa leo hii na sakafu imechorwa mstari wa njano pasiwekwe kitu tena. Wamejifunza pia kwamba kuosha ni dakika 15 kamili, na kwamba mwenzake ndiye anayehesabu, kwa sababu mwenye maumivu hataki kuendelea muda wote huo.

Wiki ya 1, Jumatano

Somo la kitufe chekundu. Niliuliza: umebonyeza kitufe cha dharura, mashine imesimama, je, unaweza kutia mkono? Karibu wote walijibu ndiyo. Ni jibu linaloeleweka, maana kila walipopita wameambiwa kitufe hicho ndicho cha usalama.

Fundi aliweka chupa tupu chini ya kichwa cha kufunga vifuniko na kubonyeza kitufe chekundu. Kila kitu kilinyamaza. Kisha, akiwa amesimama mbali, kwa kijiti kirefu akakisukuma kile kitufe kidogo cha mkono kilicho juu ya valvu ya hewa. Kichwa kikashuka na kuibana chupa ikawa bapa. Kwenye mashine yetu kitufe chekundu kinakata mwendo, lakini hewa ya kompresa inabaki ndani ya mabomba na silinda. Hakuna aliyehitaji maelezo marefu baada ya hapo. Kitufe chekundu ni cha kuzuia ajali inayotokea sasa hivi, kufuli ni la mtu anayetaka kutia mkono. Kila mmoja amekabidhiwa makufuli mawili yenye jina lake, la swichi na la valvu ya hewa, yanayofunguliwa na ufunguo mmoja tu. Wa akiba hakuna.

Wiki ya 1, Ijumaa

Kukunja katoni, kupanga palati, kunyanyua. Katoni ya chupa 12 ina kama kilo 13, uzito ambao mtu mzima ataumudu mara moja bila shida, lakini si mara mia kadhaa kwa zamu akiwa amepinda kiuno na kugeuka. Tumewafundisha kugeuza miguu badala ya mgongo, na meza ya kupakia imeinuliwa ilingane na urefu wa kiuno.

Kila asubuhi tunaanza na maswali matano ya jana, ya mdomo, bila daftari. Tangu 1885, Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu, inajulikana kwamba kilichosomwa husahaulika kwa kasi kubwa mwanzoni, na kwamba kukirudia hupunguza kasi hiyo. Maswali yanachukua dakika chache, nami ninapata kujua somo gani halikushika kabla halijajengewa jingine juu yake. Wiki hii lisiloshika ni tofauti kati ya hitilafu ya kuripoti kwa msimamizi na ile ya kusimamisha laini papo hapo. Tutalirudia kwenye laini yenyewe.

Wiki ya 2, Jumanne

Mpango umekutana na uzalishaji. Jana oda ilikuwa kubwa, msimamizi akawachukua wanne kati ya wageni kwenda kupakia katoni zamu nzima, na somo lao likaahirishwa. Simlaumu, kwa sababu anapimwa kwa katoni, hapimwi kwa mafunzo. Lakini hili likiachwa, wiki nne zitageuka wiki nne za kupakia. Tumekubaliana kwa maandishi, pamoja na meneja wa uzalishaji, kwamba saa mbili za kwanza za kila zamu ni za mafunzo na haziguswi. Baada ya hapo anaweza kuwatumia kwenye kazi ambazo wamekwisha kukaguliwa tu. Nimechagua mwanzo wa zamu kwa makusudi: saa za mwisho ndizo zinazoliwa kwanza pakitokea lolote, na watu wenyewe wanakuwa wamechoka.

Wiki ya 2, Alhamisi

Leo nimeshinda kwenye mashine ya vifuniko na wanafunzi watatu na mlezi wao. Mlezi anaonyesha kazi mara tatu. Mara ya kwanza anataja hatua kuu tu. Mara ya pili anataja hatua na jambo la kuzingatia. Mara ya tatu anaongeza sababu. Kisha mwanafunzi anafanya: kwanza kimya kimya, na mlezi anamsahihisha pale pale anapokosea ili mkono usizoee kosa, baadaye akitaja hatua, kisha mambo ya kuzingatia, mwisho sababu. Inaonekana ni kurudiarudia, lakini kila mzunguko unaongeza kitu kimoja tu, na anayeshindwa tunajua ameshindwa wapi.

Mwanafunzi mmoja, dada mwepesi wa mikono kuliko wenzake, aliruka hatua ya kujaribu kuwasha kila mara. Mlezi akamwuliza kwa nini hatua hiyo ipo. "Kuhakikisha," akajibu. Kuhakikisha nini? Kimya. Alikuwa amelishika neno bila jambo lenyewe.

Swichi kuu ya mashine ya vifuniko na ile ya mashine ya lebo ziko kwenye sanduku moja, zimepakana, zimefanana. Basi nikamwambia: dada, safari hii tia kufuli lako kwenye swichi ya kulia, halafu nenda ujaribu kuwasha. Kinga imefungwa, hakuna mtu karibu, chupa zimeondolewa. Akabonyeza, na mashine ya vifuniko ikawaka huku ufunguo wake ukiwa mfukoni. Akaitazama swichi, akaitazama mashine, akasema, "Kumbe ningetia mkono." Hajairuka tena hatua hiyo. Karatasi ya uchambuzi ilikuwa na sababu hiyo tangu mwanzo, naye alikuwa ameisikia, ila sababu ya kusikia haikumfika kama hii. Nimeliweka zoezi la swichi isiyo sahihi kuwa la lazima kwa wote wa kituo hicho, na nimeomba swichi zipakwe rangi tofauti. Rangi zitapunguza kosa, lakini kujaribu kuwasha kutabaki, kwa sababu rangi hufutika na waya huweza kubadilishwa siku ya matengenezo.

Wiki ya 3, Jumatatu

Uzito, kwa ufupi. Sabuni yetu ina uzito wa gramu 1.03 kwa mililita, hivyo lita 1 ni gramu 1,030. Chupa na kifuniko vina gramu 48, jumla 1,078. Pendekezo la kimataifa la vipimo vya bidhaa zilizofungashwa, OIML R 87, linaruhusu chupa moja moja ya mililita 1,000 kupungua hadi mililita 15, ilimradi wastani wa bechi usiwe chini ya kilichoandikwa kwenye lebo. Mililita 985 zikizidishwa kwa 1.03 ni kama gramu 1,014.6. Ukiongeza 48 unapata karibu 1,063. Mwanafunzi hahitaji kukokotoa hayo kila siku. Anahitaji namba mbili zilizobandikwa kwenye mizani: 1,078 ndiyo lengo, na chini ya 1,063 simamisha.

Kinachowapoteza ni povu. Chupa iliyojaa povu inaonekana imefika shingoni, kumbe sabuni iko chini zaidi. Tumeweka chupa mbili sambamba, moja yenye povu na pungufu, nyingine sawa, wakachagua kwa macho, kisha wakapima. Wengi walichagua ile pungufu. Tangu hapo hakuna aliyebishana na mizani.

Wiki ya 3, Jumatano na Alhamisi

Trei ya ukaguzi ndiyo sehemu ya mpango ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inapima macho, kitu ambacho maswali ya mdomo hayakifikii. Tumeandaa chupa 50. Kati ya hizo 10 zina kasoro tunazozijua: tatu kifuniko kimekaa upande na zinavuja zikilazwa, mbili hazina tarehe, mbili zimepungua, mbili lebo imepinda, moja imebonyea. Zilizobaki 40 ni nzima. Kila chupa ina namba kwenye kitako chini ya kibandiko, na mkaguzi ana orodha. Mwanafunzi anazitenga anazozikataa na kutaja kasoro. Kufaulu ni kukamata zote zinazovuja na zote zisizo na tarehe, kukosa isiyozidi moja kati ya nyingine, na kutokataa zaidi ya chupa mbili nzima.

Sharti hilo la mwisho wengi hulisahau, na bila hilo kipimo hakina maana, kwani anayekataa kila kitu atakamata kasoro zote. Leo tumeliona waziwazi. Kijana mmoja alikamata 9 kati ya 10, akapongezwa na wenzake. Lakini alikuwa amekataa nzima 11 kati ya 40, yaani zaidi ya robo ya bidhaa nzuri. Tulipozipanga mezani zile 11, zote zilikuwa za lebo. Alikuwa anakataa lebo yoyote ambayo haikunyooka kama rula. Kosa halikuwa la macho yake. Yanaona vizuri, ila hakuwahi kuonyeshwa mpaka uko wapi. Tumetengeneza sampuli za mpaka: chupa moja ambayo lebo yake imepinda milimita 2, inayokubalika, na nyingine ya milimita 4, inayokataliwa. Zote zimesainiwa na mkuu wa ubora na zinakaa mezani muda wote. Aliporudia na trei nyingine alikataa nzima moja tu.

Mwingine alikamata 8, lakini mbili alizokosa ndizo zisizo na tarehe. Nilisimama mbele yake nikayafuata macho yake, nikaona anatazama kifuniko, anashuka kwenye lebo, anaweka chini. Chupa haigeuki. Tarehe iko nyuma, chini ya bega. Kumwambia "kuwa makini" kusingemsaidia kitu, kwani alikuwa makini na upande usio na tarehe. Mlezi akamfundisha njia ya macho: kifuniko, shingo, lebo, geuza, tarehe, kitako, kila chupa kwa mpangilio huohuo hata ikionekana nzima. Akapunguza kasi kidogo, kisha kasi ikarudi yenyewe.

Kasi tunaipima baadaye. Mkanda unapitisha chupa 30 kwa dakika, wakaguzi ni wawili wanaopokezana chupa, kwa hiyo kila mmoja ana sekunde 4 kwa chupa. Trei ya kwanza haina saa. Trei ya pili ni chupa 50 kwa sekunde 200. Asiyefaulu ya kwanza hapewi ya pili, maana saa ingemfundisha kuharakisha kosa. Chupa zinabadilishwa nafasi kila mara, vinginevyo watazikariri.

Wiki ya 4, Jumatatu

Fomu ya ukaguzi wa uwezo imekamilika, ukurasa mmoja kwa kila kituo. Ya mashine ya vifuniko ina mistari 10. Minne ina nyota: kufuli lake na ufunguo mfukoni, geji ya hewa sifuri, kujaribu kuwasha, na kukagua ndani kabla ya kufunga kinga. Sita ni ya kawaida, kama vile kupima ukazaji wa kifuniko kila nusu saa, kujaza daftari la zamu na kumkabidhi anayefuata. Mwenye nyota zote nne na angalau mitano kati ya sita anaandikiwa "Tayari". Akikosa nyota moja, anaandikiwa "Bado", hata kama mingine yote ameipata.

Meneja aliuliza kwa nini tusitoe asilimia kama mitihani mingine. Kwa asilimia, mtu aliyesahau kufuli angepata 90 na kuonekana bora kuliko aliyekosa mistari miwili ya kawaida, kama kujaza daftari na kumkabidhi anayefuata. Huyo wa 90 ndiye nisiyetaka awe kwenye mashine kesho.

Mkaguzi ni msimamizi wa zamu nyingine, si mlezi aliyefundisha. Mlezi anamtakia mwanafunzi wake mema, na bila kujua atainua nyusi au kukohoa kabla ya hatua iliyosahaulika. Mkaguzi anasema, "Chupa imekwama kwenye gurudumu, endelea," kisha hasemi tena, isipokuwa akiona hatari, ambapo anasimamisha kila kitu mara moja. Mwanafunzi anafanya huku akieleza. Mmoja wa wanafunzi hasomi kwa urahisi, na njia hii imempa nafasi ya haki, kwani kazi yake haihitaji insha. Inahitaji atambue namba za tarehe na za mizani, na hizo anazitambua.

Wiki ya 4, Ijumaa

Waliokaguliwa ni wote 12. Tisa "Tayari", watatu "Bado".

Kati ya hao watatu, mmoja nimemfikiria sana. Maswali ya mdomo alikuwa anayajibu wa kwanza wiki zote. Kwenye ukaguzi alisimamisha, akasubiri gurudumu, akatia kufuli, akafunga hewa, akasoma geji kwa sauti, akajaribu kuwasha, akatoa chupa kwa robo mzunguko, yote kwa mpangilio na kwa utulivu. Ufunguo ulibaki unaning'inia kwenye kufuli. Mtu yeyote aliyepita angeweza kulifungua.

Mkaguzi aliandika "Bado" na kumwita pembeni. "Kaka, kazi yako nzuri. Nionyeshe ufunguo wako." Akapapasa mfuko wa kushoto, wa kulia, akageuka kulitazama sanduku la swichi. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Tulipozungumza naye ikajulikana kwamba kwenye mazoezi mlezi wake alikuwa akimwachia ufunguo kwenye kufuli ili kuokoa muda wa kurudia. Mkono wake ulijifunza kile ulichokifanya mara nyingi, si kile alichokisema. Kwa kundi lijalo mazoezi yote yatafanywa ufunguo ukiwa mfukoni, na walezi wameelezwa sababu kwa kuonyeshwa fomu yake.

Amekaguliwa tena baada ya mazoezi na mlezi mwingine, na amefaulu. Wa pili naye amefaulu marudio ya trei. Wa tatu bado anakosa chupa zinazovuja akiwekewa saa, kwa hiyo kwa sasa yuko kwenye upakiaji wa katoni, ambako amekaguliwa na kufaulu, na ataendelea na mazoezi ya trei katika zile saa mbili za kwanza za zamu. Hajapunguziwa hadhi na tumemwambia hivyo mbele ya msimamizi wake.

Ubao wa majina umewekwa mlangoni mwa ofisi ya zamu. Kila mtu ana mraba kwa kila kituo, umegawanywa robo nne: amefundishwa, anafanya akiangaliwa, anafanya mwenyewe, anaweza kufundisha. Msimamizi anaruhusiwa kumpanga mtu mwenyewe kwenye kituo ambacho robo tatu zimejazwa tu, na anayejaza robo ya tatu ni mkaguzi, akiwa na fomu mkononi.

Ukaguzi huu una mpaka wake. Mtu anayejua anatazamwa hufanya vizuri kuliko kawaida, na dharura halisi haiji na tangazo. Kwa hiyo wiki ya 8 kila mmoja atatazamwa bila taarifa, nusu yao wakiwa zamu ya usiku, kwa mistari ile minne ya nyota pekee. Fomu za wiki hiyo nimekwisha kuzichapisha na kumkabidhi msimamizi wa usiku. Kabla ya hapo nina karatasi ya uchambuzi ya mashine ya lebo ya kuandika upya, kwa sababu opereta wake amenionyesha leo namna anavyolainisha mkunjo wa lebo kwa kidole gumba, kitu ambacho hakimo kwenye karatasi yangu, na mashine inakuwa inatembea anapofanya hivyo.